Kovu la Askofu Kresente

"Kovu likivikwa hariri husahau jeraha." Mmenisikia nikisema, mkacheka. Haya, kaeni niwaambie methali hii ilikotoka, ingawa haina raha hata chembe.

Ilianza Afrika ya kaskazini, enzi za Warumi, Wakristo walipokuwa wakiwindwa. Askofu Kresente alichomwa mkono kwa chuma cha moto. Mjane mmoja, Spesina, alimficha ghalani mwake, akamfunga jeraha kwa ushungi wake. Siku zile waumini walipogombana waliamuliwa na askofu, kwani ilikuwa aibu kupelekana kwa mahakimu wa kipagani. Lakini uamuzi wake ulikuwa ushauri tu, asiyeutaka aliuacha.

Kisha Kaisari Konstantino akaamini kwamba Mungu wa Wakristo ndiye aliyempa ushindi vitani, na kwamba sala za maaskofu zingeulinda ufalme wake. Dunia ikapinduka. Makanisa yaliyonyang'anywa yakarudishwa. Makasisi wakasamehewa kazi nzito za mji. Kanisa likaruhusiwa kurithi mali kwa wasia. Na hukumu ya askofu ikawa na nguvu ya sheria, haikatiwi rufaa, na maofisa wa serikali wakaamriwa kuitekeleza.

Rustiko, shemeji yake Spesina, alikuwa diwani tajiri. Akakimbilia ukasisi ili akwepe mizigo ya udiwani, maana madiwani ndio waliolipia gharama za mji. Mlafi yule! Akadai pia shamba la mizeituni la Spesina, shamba pekee lililomlisha mjane yule, akisema ni urithi wake kutoka kwa ndugu yake marehemu.

Jirani zake walimsihi Spesina aende kwa liwali.

"Niende kwa mpagani, na Baba Kresente yupo?" akajibu. "Mkono ule naujua mimi."

Akaenda kanisani. Kresente alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, mikono ya joho la hariri ikimfika vidoleni. Alimsikiliza Rustiko, na Rustiko akaapa kwamba yeye akifa, shamba litakuwa la Kanisa.

"Shamba ni la Rustiko," askofu akasema.

"Baba, marehemu mume wangu aliniachia mbele ya mashahidi!"

"Mwanangu, mafuta yake yatawasha taa za Bwana. Yatalisha maskini."

"Maskini si ndiye mimi? Basi nitakwenda kwa liwali."

"Huwezi. Wewe mwenyewe umeleta kesi hapa. Hukumu yangu ndiyo ya mwisho, na liwali ndiye atakayeitekeleza."

Spesina akamsogelea. "Nionyeshe mkono wako, Baba."

Kresente akaipandisha hariri kidogo, kovu likaonekana. Kisha akaishusha tena, akalifunika.

Askari wa liwali walimtoa Spesina shambani wakati wa mavuno. Tangu hapo alikaa mlangoni mwa kanisa, akipokea mkate wa wajane kutoka ghala la askofu, mkate uliochovywa katika mafuta ya mizeituni yake mwenyewe. Waliomuuliza kwa nini halii aliwajibu neno moja tu, na mji mzima ukalishika:

"Kovu likivikwa hariri husahau jeraha."

Mbona sasa hamcheki?