Mpishi Mkuu wa Zimwi

Itikieni "tupo", nami niseme: lilikuwepo Zimwi, likatafuta mpishi wa kulipikia ngamia mzima.

Mwanaidi, mpishi wa harusini, akaja akasema, "Biriani naijua, ila ngamia mzima sijawahi kupika."

Shebe, aliyekuwa akimwoshea Mwanaidi masufuria, akatunisha kifua: "Mimi ngamia nimewachoka! Kwa sultani nilikuwa mpishi mkuu!"

Shebe akapata kazi. Mwanaidi akarudi kwa wanawe mikono mitupu.

Kumbe chungu cha Zimwi kinasema! "Tuanze na nini, mpishi mkuu?" Shebe akajikuna kichwa. "Kitunguu au mchele?" Shebe akageuza mwiko huku na huku. "Ngamia huiva kwa saa ngapi?" Shebe akaangua kilio: "Mwiteni Mwanaidi!"

"Keshahama, anahangaika kutafuta kazi kwingine," Zimwi likanguruma, njaa ikiliuma. "Ingia chunguni wewe. Kwa kazi hii uzoefu hauhitajiki."