Mpaka Uliotembea

Nitawasimulia kisa cha watu watatu, na nikimaliza nitawaachia kazi. Wa kwanza ni Mama Nakijwa, mjane aliyejua kumeza hasira. Wa pili ni Mchungaji Elieskia, aliyejua kusikiliza pande mbili. Wa tatu ni Mzee Togolai, aliyekumbuka kila mmea alioupanda kwa mkono wake.

Waliishi milimani Upare. Shamba la Mama Nakijwa lilikuwa juu, na chini yake kulikuwa na shamba na nyumba ya Senkondo, mshirika mwenzake kanisani. Mpaka wao ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo hakuna mtu anayethubutu kuing'oa.

Mwaka ule wa mvua nyingi, Senkondo aliona masale ya katikati yameshuka upande wake. Akaamini mjane anayahamisha kwa siri. Siku moja akachukua panga, akafyeka migomba yote aliyoikuta katika kile kipande alichodhani ameibiwa.

Wanawe Mama Nakijwa walitaka kwenda kulipiza. Mama akasimama mlangoni.

"Atakayetoka na panga anivuke mimi kwanza," alisema. Kisha akajifunga kanga, akaenda kwa mchungaji. "Baba Mchungaji, mimi na Senkondo tunashiriki meza moja ya Bwana, na hatusalimiani. Naomba utupatanishe."

Mchungaji hakutaka kusikia zaidi. "Nikikusikiliza peke yako, mama, mwenzako atasema nimeshaamua. Nitawaita wote wawili." Akawatuma wazee wa kanisa kwa Senkondo, na akawaomba wote wasitie jembe katika kile kipande mpaka wakutane.

Siku ya kikao, ofisini kwa mchungaji, kila mmoja alisema ya kwake bila kukatizwa. Senkondo alisema ameibiwa. Mama Nakijwa alisema hajagusa sale hata moja. Mchungaji akawaambia, "Mimi si hakimu. Siwezi kumpa mtu ardhi. Msiporidhika, baraza la kata lipo. Lakini kabla ya neno lolote, twendeni tukautembee mpaka, mwanzo hadi mwisho, pamoja na jirani anayepakana nanyi wote."

Mvua ilikuwa inanyesha. Wazee wa kanisa walipendekeza wamalizie pale pale ofisini, penye chai. Mchungaji alikuwa ameshavaa mabuti.

Jirani huyo ndiye Mzee Togolai. Yeye, marehemu baba yake Senkondo na marehemu baba mkwe wa Mama Nakijwa ndio waliopanda masale yale. Alitembea akiyagusa moja moja, na alipofika katikati akachuchumaa, akafukua udongo kwa vidole.

"Hili halijahamishwa," alisema. "Tazameni shina la chini, ni lile lile la zamani, na mizizi haijakatwa. Hakuna aliyeling'oa."

"Sasa limefikaje kwangu?" Senkondo akauliza.

Mzee aliyatazama masale yote ya pale katikati. Yalikuwa yameinama kuelekea mlimani, kama watu wanaotelezeshwa miguu. Akapanda hatua chache, akatenganisha nyasi, kisha akamwita mchungaji kwa mkono.

Palikuwa na ufa. Ulikata shamba la mjane kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mchungaji akatumbukiza fimbo yake, ikazama yote, na haikugusa chini.

Senkondo alishusha macho polepole, kutoka kwenye ufa hadi kwenye bati la nyumba yake, pale moshi wa jikoni ulipokuwa unapanda.

"Mpaka haukusogezwa," Mzee Togolai alisema. "Ni mlima unaoshuka."

Senkondo aliteremka mbio. Mama Nakijwa alikuwa nyuma yake, na ndiye aliyembeba mtoto mchanga. Walimtoa mke, watoto, bibi kizee na mtamba wa zizini. Jioni ile ile mlima uliachia. Nyumba ilifunikwa yote. Walisimama ng'ambo ya bonde wakitazama tope.

Baada ya siku kadhaa, Senkondo alikuja kanisani akimvuta mtamba wake, mali pekee aliyobaki nayo. Alimwomba Mama Nakijwa msamaha mbele ya washirika wote. Kisha akasema, "Huyu ni wa aliyeniokolea watoto." Akashikilia kamba, asijue amkabidhi nani.

Mzee Togolai alisema ni wa mjane, maana bila ombi lake pangemwagika damu, na mlima ungewakuta watoto humo humo nyumbani. Mama Nakijwa alisema ni wa mchungaji, maana bila yeye wangebaki ofisini wakinywa chai. Mchungaji akasema yeye aliutazama ufa ule akiwa ameshaonyeshwa. Aliyeuona ni mzee.

Kamba bado imo mkononi mwa Senkondo. Nanyi mlionisikiliza, kama mngekuwa pale kanisani, mngemwambia amkabidhi nani?