Kiganja Kilichotokeza Tunduni

Mliokaa, mmekaa?
Tumekaa!
Waliosinzia, wameamka?
Wameamka!
Basi fumbeni midomo, fumbueni masikio. Nina jambo mkononi!
Lifungue tulione!

Jambo hili wakilisimulia wengine, watu hupiga miayo. Nikilisimulia mimi, hata kuku hugoma kuingia bandani. Haya.

Hapo kale, katika msitu wa mikuyu, palikuwa na Nyani. Nyani wa haja: kifua hiki, meno haya, na tumbo, msiniulize. Kazi yake ilikuwa kusoma viganja vya watoto. Ilikuwa desturi huko: mama akijifungua, ampeleke mtoto kwa Nyani. Kiganja kikisomeka vizuri, Nyani anapewa ndizi moja, ahsante. Kikisomeka vibaya, analetewa chakula cha kuondoa mkosi, anakula mpaka anabingirika. Basi nawauliza, viganja vya msitu ule vilisomeka vipi?
Vibaya!
Mna akili kama mimi. Kasoro kidogo.

Siku moja akaja Mama Tumbili na mwanawe, Kidoto. Nyani akaukamata mkono wa mtoto, akauvuta, nyaa! Kidoto akalia. Nyani akatazama kiganja, akatazama mkuyu wa Mama Tumbili, ule wenye matunda matamu kuliko yote, akatazama tena kiganja.

"Ebo! Mstari wa uhai umekatika. Shemeji, mtoto huyu haoni mvua."

Mama Tumbili akamkumbatia mwanawe. "Dawa je, Bwana Nyani?"

"Asipande, asiruke, asicheze. Na mkuyu wako uhame, uwe wangu. Matunda yakiiva ukiwa bado hujahama, usije kunililia."

Mama Tumbili akarudi nyumbani. Akamfunga Kidoto kiunoni kwa ugwe. Kidoto akitaka kupanda, "Tulia, utakufa!" Kidoto akitaka kuruka, "Tulia, utakufa!" Kidoto akakonda, akawa macho na mkia. Kila alivyokonda, mama akajiambia, ndiyo hiyo, maneno ya Nyani yanatimia. Na juu matunda yanaanza kuwa mekundu. Akiutoa mkuyu, watakula nini? Asipoutoa, mtoto je? Akalia. Akanyamaza. Akalia tena.

Sasa, ndani ya tundu la mkuyu huohuo aliishi Komba. Mdogo kama ngumi, macho kama visahani. Komba hulala mchana, na kilio kile kilimkosesha usingizi. Akatoa kichwa, pyu!

"Dada, unalilia nini mchana kweupe, watu tumelala?"

Mama Tumbili akaeleza yote. Komba akapiga miayo, akashuka. "Lete mtoto juani."

Hakumvuta Kidoto mkono. Alimtekenya mpaka mtoto akafungua kiganja mwenyewe. Akatazama cha kulia, akatazama cha kushoto, akakunja kidole gumba taratibu, kikarudi, twa!

"Mistari mikubwa ni hii mitatu," akasema. "Wa uhai unazunguka gumba. Wa akili unakata katikati. Wa moyo uko chini ya vidole. Hii alikuja nayo toka tumboni, alikokuwa amekunja ngumi. Hata hii bado inachorwa, leo imefifia, kesho imekolea. Na hivi vidogo kama utando wa buibui? Vinakuja, vinaondoka. Mkono unakua, ngozi inatanuka, unene wa uchanga unapungua, mtoto anajifunza kushika, na tabia yake nayo haijatulia. Ukimsoma leo, msome tena msimu ujao, utadhani ni mtoto mwingine."

"Na huku kukatika?"

"Pametanuka tu. Na hata kwa mtu mzima, urefu wa mstari huo si urefu wa maisha. Bibi yangu alikuwa msomaji hasa. Alituonya: kwa mzazi usitaje kifo, usitaje maradhi, usiseme huyu mjinga, nduguye ndiye hodari. Mzazi hasahau. Atamlea mtoto kwa neno lako mpaka neno liwe kweli. Sema tu unachokiona leo. Huyu gumba lake gumu, mbishi. Vidole vinapinda vizuri, atapenda kushikashika vitu. Basi."

Mama Tumbili alitaka kuamini. Lakini moyo wa mama! "Komba, wewe ni mdogo. Nyani ni mkubwa. Nikikuamini wewe, na mwanangu akafa?"

Komba akajikuna. "Basi utasikia kwa Nyani mwenyewe."

Akaenda kwa Nyani, tiki tiki tiki. "Shikamoo, bwana mkubwa. Nasikia kiganja cha mwanao Shababi ni cha ajabu."

Nyani akavimba. "Nilimsoma siku aliyozaliwa! Mstari wa uhai mpaka kwenye kifundo, haukukatika popote. Kile nakijua hata nikifumba macho."

"Mashallah. Basi kuna mama mgeni, ana shamba zima la mahindi mabichi. Mtoto wake ana aibu, kajificha kwenye tundu langu, atatoa mkono tu."

"Mabichi?" Mate yakamtoka Nyani, choro choro. "Twende!"

Njiani Komba akaita kila mwenye masikio, na Mama Shababi, mke wa Nyani, akaja kumtazama mumewe akisifiwa. Wakafika mkuyuni. Mkono ukatoka tunduni, umepakwa tope mgongoni, kiganja juu. Nyani akaukamata, nyaa! Akatazama.

"Ebo! Mstari wa uhai umekatika! Na vijistari vimeukata huku na huku. Mtoto huyu haoni mvua!"

"Labda mistari itabadilika?" akauliza Komba kwa sauti.

"Haibadiliki! Afungwe kiunoni kwa mama yake. Na mahindi yote yaje kwangu!"

"Wote mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Haya, mtoto, toka."

Akatoka Shababi, ambaye Komba alikuwa amemwita kwa asali tangu mapema, mdomo umejaa sega, nyamu nyamu nyamu. "Baba, asali imekwisha. Kuna nyingine?"



Kisha Mama Shababi akapiga ukelele, "Mwanangu, uwiii! Haoni mvua!" Akamshika mumewe ndevu. "Wewe! Si ulisema mpaka kwenye kifundo?"

"Mke wangu, ngoja, sikiliza..."

"Nisikilize nini? Niache shamba gani? Nimfunge kiunoni huyu pandikizi?"

"Hafi! Hafi, niachie ndevu! Mistari ya mtoto hubadilika! Mkono umekua, umetanuka, vijistari huja na kuondoka, msimu ujao vitakuwa vingine! Kukatika si kufa! Kila msomaji anajua!"

"Na wewe ulijua?" Sauti ilikuwa ya Mama Tumbili. Ndogo, lakini wote waliisikia.

Nyani akatazama chini. "Nilijua, shemeji."

Mama Tumbili akavuta pumzi, akaishusha, fuuu, kama aliyetua mtungi wa maji kutoka mbali. Akaufungua ugwe. Kidoto akamtazama mama, akautazama mti. Akapanda. Akateleza, akaanguka, pu! Mama akafumba macho. Akayafumbua. Kidoto amekaa kwenye majani, anacheka. Akapanda tena, safari hii mpaka kwenye tunda lililoiva.

Mama naye akacheka mpaka machozi. Nyani hatukumwona tena, ila tulimsikia, kwani Mama Shababi alikuwa bado hajaziachia ndevu.

Jambo langu limefunguka, kila mtu abebe kipande chake. Na funzo ni hili, watoto wazuri: msidanganye kamwe, maana mwongo hapati kitu. Mtazameni Komba. Alidanganya kutwa nzima, akapata nini? Matunda ya bure maisha yake yote, na usingizi wa mchana. Masikini, Komba.