Chungu Kisichotiwa Chumvi

Chungu cha shukrani hakitiwi chumvi.

Jana mlimsikia mama Nafue akimwambia mkwe wake maneno hayo wakati anafunika chungu cha kupeleka kwa jirani, mkacheka. Mlidhani mzee amesahau chumvi na sasa anatafuta pa kujificha. Hakusahau. Kaeni niwaeleze neno hili lilikotoka, kama nilivyoelezwa na mama yangu, ambaye watu wenyewe aliwaona kwa macho.

Palikuwa na mtu huko milimani Upare akiitwa Mbonea. Mkewe alikuwa Nakijwa, na walikuwa na mtoto mmoja, Naetwe, wa miaka minne. Jirani yao alikuwa mjane wa makamo aliyeitwa Mama Sifaeli. Huyo Sifaeli mwenyewe alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo mama alikaa peke yake. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua wa masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani, na katikati ya ua palikuwa na mwanya uliofunguliwa na miguu tu, kwa kupita na kurudi. Leo huyu anaomba kaa la moto, kesho yule anaazima ungo.

Siku moja Mbonea alikwenda kukata majani ya ng'ombe kwenye genge, jiwe likamponyoka chini ya mguu, akaanguka. Paja likavunjika. Wanaume walimfunga kwenye machela wakaanza kuteremka naye kwenda hospitali ya bondeni. Wakati ule mgonjwa alipikiwa na mtu wake, kwa hiyo Nakijwa ilimpasa kufuatana nao. Hakuwa na muda wa kupanga lolote. Alipita kwenye mwanya wa masale akasema, "Mama, mtoto."

Mama Sifaeli akajibu, "Nenda. Mtoto yuko kwao."

Walikaa huko wiki saba.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya maji. Kule maji ya mashamba hukusanywa kwenye bwawa la kijiji, linaitwa ndiva. Usiku linajaa, asubuhi linazibuliwa, na maji yanashuka kwenye mfereji kwa zamu. Kila nyumba ina siku yake. Siku yako ikifika nawe hupo, maji hayakusubiri, yanakwenda kwa anayefuata. Na mwaka ule mvua ilikuwa imekatika mapema, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Mhindi ukikosa maji wakati huo utasimama, lakini gunzi litakuwa tupu.

Mama Sifaeli alimchukua Naetwe akalala naye kitanda kimoja. Alimkamua ng'ombe wa Mbonea. Na kila zamu yake ya maji ilipofika, alimwagilia shamba lake mpaka nusu, halafu akakata kingo ya mfereji kwa jembe na kuyaelekeza maji kwa Mbonea. Hakumwambia mtu.

Mbonea aliporudi anatembelea magongo, alizunguka shambani na mkewe akakuta mahindi mabichi, yamebeba. Akatazama ng'ambo. Mahindi ya Mama Sifaeli upande wa juu yalikuwa mazuri, ya upande wa chini yamekauka mpaka yanalia kwa upepo. Mtu wa mfereji hahitaji kuelezwa. Nakijwa alilia palepale. Mbonea hakulia, ila tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kunyamaza.

Msimlaumu haraka. Wiki saba alikuwa amelazwa chali, anageuzwa na wengine, analishwa, anasafishwa. Alichoka kuwa mtu wa kutendewa. Kila akiangalia ile mistari mikavu ya jirani, aliona bado amelala chali.

Walipovuna, akapukuchua mahindi yake mazuri kuliko yote, akajaza madebe mawili, yaani kadiri ambavyo ile mistari mikavu ingezaa. Akaongeza kuku na kitenge kipya. Akamwita kaka yake, Eliapenda, ambebee na awe shahidi. Wakazunguka mpaka mlango wa mbele wa Mama Sifaeli, mlango wa wageni, wakapiga hodi mchana kweupe watu wakipita njiani.

Mbonea akasema, "Mama, ulikausha shamba lako kwa ajili yangu. Haya ni mahindi yako, hayakupungua. Nimeona niyarudishe mbele ya kaka yangu, ili moyo wangu utulie."

Mama Sifaeli aliyatazama yale madebe. Kisha akapokea kwa mikono miwili, maana kukataa ni tusi. Akasema, "Ahsante, baba. Mmenilipa."

Mbonea alirudi anachechemea, lakini uso umekunjuka. Alikula vizuri siku hiyo.

Kesho yake asubuhi Nakijwa alikuta yale madebe mawili yamewekwa kwenye ua. Yameoshwa, yamekaushwa, hayana kitu ndani. Akashika kiuno. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata ukikosa kabisa unatia jani la mchicha. Chombo kikirudi kimeoshwa hivyo, kinasema kwamba hesabu imekwisha.

Na kweli ilikwisha. Mama Sifaeli hakugomba wala hakununa. Alisalimia, tena salamu ndefu kuliko zamani, kama mnavyosalimia mgeni wa kanisani. Lakini hakuomba tena moto. Hakuomba ungo. Naetwe akienda kwake alipewa kiazi, akashikwa kichwa, akaambiwa, "Nenda kwenu, mama atakutafuta."

Nakijwa alikuwa na macho. Aliona moshi wa jikoni kwa jirani unapanda mara moja tu kwa siku. Akaona Mama Sifaeli anakwenda kuokota kuni peke yake msituni, na shingo yake inazidi kuonyesha mishipa. Siku moja alipompelekea barua ya Sifaeli, akachungulia ndani. Mahindi ya Mbonea yalikuwa kwenye gunia pembeni, limefungwa kamba, halijaguswa. Kuku alikuwa anatembea. Kitenge kilikuwa kimekunjwa vilevile. Mama yule alikuwa anakula nusu ya mavuno yake mwenyewe, na nusu ile ilikuwa inakwisha. Miezi ya njaa ilikuwa bado mbele.

Akamwambia mumewe, "Baba Naetwe, yule mama atakufa na gunia letu ndani."

Mbonea akakasirika. "Nimpe nini tena? Nimemlipa mpaka na kitenge. Au nimkatie na huu mguu mzima?"

"Umemlipa sana. Ndiyo shida yenyewe."

"Ungetaka nikae bure na shukrani mdomoni?"

"Baba Naetwe, yeye alipokata ile kingo hakuwa anakukopesha. Alikuwa anamwagilia kwake. Sisi ndio tuliokwenda kumwonyesha mpaka."

Mbonea akachukua gongo lake akaenda zizini akakaa huko.

Nakijwa alijaribu kwanza kwa maneno. Alikwenda akasema, "Mama, kama tumekosa, tusamehe." Akajibiwa, "Hamna kosa, mwanangu. Mmelipa." Neno lilelile, laini, halina pa kushika.

Akakaa na jambo hilo siku nyingi. Alifikiri apeleke maziwa kila asubuhi, akaona hayo nayo yatakuwa malipo. Alifikiri akamwokotee kuni, akaona atamfanya maskini mbele ya watu. Kila alichofikiri kilikuwa kitu kizima, kimekamilika, kinaingia kwa jirani na kufunga mlango nyuma yake.

Kisha siku moja alikuwa anapika makande. Mahindi na maharage yalikuwa yameiva, akachovya mkono kwenye kopo la chumvi, mkono ukabaki hewani. Akairudisha chumvi. Akakibeba chungu vilevile, akapita kwenye mwanya wa masale ambao majani yalikuwa yameanza kuuziba, akaenda mlango wa jikoni.

"Hodi, mama."

"Karibu." Mama Sifaeli alikuwa anachochea moto mdogo. Akakiona chungu. "Mmebakiza deni?"

"Hapana, mama. Ni makande. Hayana chumvi."

"Umeishiwa?"

"Ninayo kopo zima."

"Sasa mtu mwenye chumvi anatembeza makande ya mgonjwa?"

"Naomba utie ya kwako."

Nakijwa akapiga magoti, akakiweka chungu chini kati yao. Akasema, "Nikitia mimi, nitakuwa nimekupikia. Ukitia wewe, tumepika. Mama, mimi kukulipa siwezi. Mwanangu alilala kifuani kwako wiki saba, hicho sina debe la kukipima. Mume wangu alijaribu kwa sababu alikuwa anaona aibu. Mimi sioni aibu. Nataka niendelee kuwa na deni lako."

Moto ulikuwa unafifia, hakuna aliyeuchochea. Mama Sifaeli akakitazama chungu. Kisha yule mama akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akashusha kikombe cha chumvi. Akatia, akakoroga, akaonja kiganjani.

"Na maharage umeunguza," akasema.

"Kidogo, mama."

"Kidogo gani. Nilikufundisha nini mimi miaka yote hii?"

Akatia chumvi tena kidogo. Akatoa sinia moja, wakala kwa mikono. Machozi ya Mama Sifaeli yalikuwa yanateremka, naye anatafuna, hayafuti.

Walipomaliza, Nakijwa alisimama kuondoka akakiacha chungu. Hakukiosha. Alijua kitarudi chenyewe.

Alipofika mlangoni, Mama Sifaeli akamwita. "Mama Naetwe."

"Abee."

"Paa langu linavuja upande ule wa kitanda. Mwambie mumeo, mguu ukikubali, aje aniangalizie. Na wewe kesho njoo na mchi wako. Lile gunia haliwezi kutwangwa na mtu mmoja."

Nakijwa alikwenda kumwambia mumewe zizini. Mama yangu alisema Mbonea aliposikia kwamba ameombwa jambo, aliinamisha kichwa kwenye mgongo wa ng'ombe akakaa hivyo. Asubuhi alikwenda na gongo lake na mzigo wa nyasi za kuezekea. Hakutaja kuanguka, wala maji, wala mahindi. Alipita kwenye mwanya, akauliza, "Mama, linavuja wapi?"

Tangu hapo watu wa mteremko ule wakashika hivyo. Aliyekufaa siku ya msiba au ya ugonjwa, hukimbilii kwake kesho yake na mizigo kama mtu anayekimbizwa na deni. Unaacha siku zipite. Unakwenda kwa mlango wa jikoni, bila shahidi. Hupeleki kitu cha kufanana na alichokupa, asije akavipima. Unapeleka chakula cha kawaida cha nyumbani kwako, na unakaa mle wote. Na kabla hujaondoka unaomba jambo, au unamwachia nafasi aombe yeye.

Kwa hiyo mama Nafue hakusahau. Alikuwa anamfundisha mkwe wake aache pengo ambalo mkono wa jirani utalijaza. Mtu uliyemlipa mmeachana. Anayetia chumvi yake chunguni mwako, huyo mngali pamoja.

Chungu cha shukrani hakitiwi chumvi.