Kina cha Mgeni Rasmi

Usifunge kina kwa jina la mgeni. Ndivyo Mama Saumu alivyowaambia, vijana wangu, mlipompelekea fulana za timu zenye jina la mfadhili mgongoni, naye mfadhili mwenyewe hajaonekana uwanjani hata siku moja. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Mmegonga mlango wenyewe. Methali hii ilianza hivi, na aliyeisababisha kwa ujinga wake ni mimi.

Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya msikiti wetu wa Mtondoni. Wanawake walikuwa wakisali uani, chini ya turubai, na mvua ikinyesha walirudi makwao. Kamati ikaamua kuwajengea ghorofa. Tukapanga hafla ya kuchangisha, siku ya Jumapili baada ya sala ya alasiri, na mgeni rasmi akawa Alhaji Nassoro, mwenye ghala la mabati. Mwenyekiti akasema hafla bila utenzi ni mkutano tu. Akaniagiza nimwandikie Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa mshona kofia, mjane, na mtunzi hodari kuliko wote mtaani. Alitungia harusi, alitungia mazazi, alitungia hata mahujaji. Msikiti haukuwahi kumwomba kitu. Nikaandika barua kwa mashine: bismillahi juu, salamu kamili, kisha kwa herufi kubwa, KUH: OMBI LA KUTUNGIWA UTENZI. Nikaeleza kuwa kamati inamwomba beti ishirini, zianze kwa kumhimidi Mungu, zifuate kwa kumsalia Mtume, kisha dua kwa wenye kutoa. Utenzi utufikie wiki moja kabla, imamu aupitie. Nikaandika pia kuwa utasomwa na katibu, kwa kuwa yeye atakaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia.

Ningepiga mhuri hapo, leo msingekuwa na methali. Nikaongeza mstari mmoja: "Aidha, kamati ingependa kina cha utenzi kifuate jina la mgeni rasmi." Hakuna aliyenituma. Niliona ni adabu nzuri.

Siku ya tatu Bi Zuwena akaniita kibarazani kwake. Barua ilikuwa mapajani, kofia mkononi.

"Maalim, hii 'aidha' ni ya kamati au ni yako?"

"Ni ya kamati," nikasema. Nilidanganya, ndiyo.

"Utenzi una mistari minne kila ubeti. Mitatu ya mwanzo ina kina chake, na kila ubeti unaweza kubadilisha. Lakini mstari wa nne kina chake ni kimoja, tangu ubeti wa kwanza hadi wa ishirini. Ukitaka Nassoro, basi wote utaishia kwa 'ro'. Unajua 'ro' iko katika maneno gani?"

Akaanza kuyahesabu kwa vidole.

"Kasoro. Mgogoro. Mtaro. Ugoro. Namwomba Mola wangu, kina kinanivuta kwenye ugoro!"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema atatunga, kwa sababu anataka kabla ya kufa asali penye paa, na kwa sababu ya jambo la pili. Ubeti wa mwisho, kama ilivyo ada ya watunzi, utataja jina lake. Lisomwe ndani ya uwanja wa msikiti, watu waitikie amina. Hilo ndilo sharti lake, hataki kingine. Nikamwahidi.

Utenzi ukaja kwa wakati. Imamu akausoma mara mbili akasema mwanamke huyu ameutoa mchicha kwenye mwamba. Ulianza hivi:

Rabbi twakuelekea,
na mikono twainua,
waja wako twalilia,
utuondoe kasoro.

Jina la mgeni lilikuja mara tatu, ubeti wa sita, wa kumi na mbili na wa kumi na nane, kila mara kwa maneno yale yale: "umjalie Nassoro." Ubeti wa ishirini ulikuwa wa mtunzi.

Jumapili adhuhuri ikaja habari kwamba Alhaji Nassoro amelazwa hospitali ya mkoa na haji. Mwenyekiti, mtu mwepesi, akakimbilia kwa Alhaji Kitwana, ambaye naye ana ghala la mabati, tena hasalimiani na Nassoro tangu kesi yao ya kiwanja. Kitwana akakubali. Akasema atatangaza mbele ya watu kwamba paa lote ni lake.

Nikapeleka habari kwa Bi Zuwena.

"Basi usiusome," akasema. "Waambie watu mtunzi anaumwa."

"Bi Zuwena, ni neno moja tu la kubadilisha. Nas-so-ro, mizani tatu. Ki-twa-na, mizani tatu. Linaingia sawasawa."

"Mizani inaingia. Kina je? Beti kumi na saba umewazoesha watu 'ro', halafu mara tatu uwape 'na'?"

"Nani atajali?"

"Haya, Maalim. Wewe ndiye msomaji. Lakini ubeti wangu usiuache."

Nikakata jina kwa kalamu, nikaandika lingine juu yake.

Kwetu utenzi hausikilizwi kwa mdomo uliofumbwa. Mtu akishasikia beti mbili tatu amekijua kina, na msomaji akikaribia mwisho humpokea neno la mwisho kabla hajalitamka. Hilo nalijua tangu utotoni, na siku ile lilinitoka kabisa kichwani. Nikasoma kwa madaha. Ubeti wa tatu watu wakaanza kupokea. Ubeti wa tano uwanja mzima ulikuwa ukipokea, wanaume kwa wanawake. Nikafika wa sita, "umjalie…" na kabla sijasema Kitwana, watu kama hamsini wakasema: "Nassoro!"

Jina hilo walikuwa wamelisikia kwenye matangazo Ijumaa tatu mfululizo, nacho kina kiliwaongoza moja kwa moja. Alhaji Kitwana akatabasamu kidogo. Ubeti wa kumi na mbili nikapaza sauti niwatangulie. Wakapaza zaidi. Ubeti wa kumi na nane wenye akili walikwisha ng'amua, wakanyamaza. Wasio nazo walikuwa wengi zaidi, na hao walishaona ni raha. "NASSORO!"

Alhaji Kitwana akasimama, akavaa viatu.

"Basi Nassoro na awaezekee," akasema, akaondoka. Mwenyekiti akamfuata mbio hadi barabarani.

Mimi nilibaki na karatasi mkononi. Nikaikunja, nikafunga kwa "wabillahi taufiki," nikashuka jukwaani. Niliona aibu, na kwa kweli niliijali aibu yangu peke yake.

Kesho yake nikaenda kumwomba radhi Bi Zuwena. Nilikwenda na maneno mengi: kwamba tumempoteza Kitwana, kwamba turubai litabaki, kwamba ile "aidha" ilikuwa yangu. Akanisikiliza huku akishona. Nilipomaliza akasema:

"Jina la mgeni limetajwa mara tatu, na wala hakuwepo. Mimi nilikuwepo, Maalim. Nilikaa nyuma ya pazia, mikono nimeiinua, nangoja."

Hapo ndipo nilipofungua karatasi na kuuona ubeti wa ishirini, niliouacha:

Mwenye kutunga ni nani?
Zuwena wa Mtondoni,
msimtoe duani
kwa tungo lenye kasoro.

Nikamwambia nitausoma Ijumaa, mbele ya wote. Akatikisa kichwa. Ubeti mmoja peke yake hauitikiwi na mtu, akasema. Akakata uzi kwa meno, na yale aliyoyasema baadaye ndiyo mnayoyasikia hadi leo midomoni mwa watu wasiomjua aliyeyasema:

"Usifunge kina kwa jina la mgeni."