Nungunungu na Mshenga Mla Viazi

Paukwa!
Pakawa!
Mmekaa?
Tumekaa, mwaga!
Basi shikeni mashavu, asije mtu akacheka mpaka taya likamchomoka, nikalaumiwa mimi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima, Nungunungu alimpenda Bi Digidigi. Alimpenda mno! Akisikia kwato zake njiani, miiba inamsimama yote, anashindwa kupita mlangoni kwake mwenyewe. Lakini kumwambia? Thubutu! Akatafuta mshenga. Akamchagua nani? Ngedere! Jamani, Ngedere!

"Kamwambie nampenda," akasema, akampa kikapu cha viazi vitamu ampelekee.

Ngedere akaenda, akarudi anajifuta mdomo. "Anafikiria, bwana. Ongeza viazi."

Akaongeza. Ngedere akaenda, akarudi tumbo mbele. "Karibu atakubali. Ongeza viazi."

Akaongeza. Ngedere akaenda, akarudi anatambaa kwa shibe. "Bado kidogo tu. Ongeza..."

Shamba likaisha. Viazi viliingia wapi? Msiniulize mimi, mtazameni Ngedere.

Ikabidi Nungunungu aende mwenyewe. Akamkuta Bi Digidigi anatoka kisimani, hakuna wa kuwasikiliza. Hakumzibia njia, alisimama pembeni kabisa.

"Bi Digidigi, nimekupenda. Ningependa twende ngomani Ijumaa, mimi na wewe. Kama hutaki, niambie tu, sitachukia."

Bi Digidigi akatua mtungi. "Ahsante kwa kuja mwenyewe. Lakini hapana, bwana. Nakuheshimu, ila sikupendi hivyo. Mbona nilimwambia Ngedere siku ile ya kwanza?"

Lo! Siku ya kwanza!

Iliuma, tusidanganyane. Miiba ikasimama. Ulimi ukataka kuuliza, kwa nini? Ukataka kusema, na viazi vyangu je? Ukataka kubembeleza. Nungunungu akauzuia ulimi, akailaza miiba, mmoja mmoja.

"Nimesikia," akasema. "Ahsante kwa kuniambia kweli. Siku njema."

Akaenda zake, wala hakugeuka nyuma.

Ngedere alikuwa anamngoja mlangoni. "Anaringa tu huyo! Ongeza viazi, nikambembeleze."

"Amesema hapana."

"Hapana gani hiyo? Hujui wanawake wewe!"

"Hapana yake namwachia kama ilivyo. Wewe uliisikia kabla yangu, ukaitafuna pamoja na viazi." Akafunga mlango, pua ya Ngedere ikiwa nje.

Ijumaa Nungunungu akaenda ngomani peke yake, moyo bado unauma. Bi Digidigi alimwona. Hakujificha, hakukimbia. "Hujambo, bwana?" "Sijambo, bibi." Nungunungu akapita.

Ngedere, mwenye njaa ya siku tatu, akapaza sauti watu wote wasikie: "Eti Nungunungu, si alikukataa yule?"

Watu wakageuka.

"Ndiyo," akasema Nungunungu. "Tena alinikataa vizuri." Akaingia uwanjani kucheza, wote wakampisha.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, kuleni. Ikiwa chungu, nirudishieni niimeze mwenyewe.