Barua ya Watu Laki Moja

Kibati cha pini kilikuwa kikilia gizani. Simu ilikuwa imelazwa juu yake, pale kwenye meza ya cherehani, na kila ilipotetema pini zilicheza ndani zikatoa mlio mwembamba, kama panzi aliyefungiwa koponi. Kulikuwa bado hakujapambazuka. Mama Vipande alijinyanyua polepole asimwamshe binti yake aliyemlalia mkono, akaifuata ile simu kwa kupapasa.

Alipoiwasha, usingizi wote ulimruka. Usiku kucha wafuasi wapya walikuwa wakimiminika kwenye ukurasa wake. Jana aliwaacha chini kidogo ya elfu tisini na sita. Sasa namba ilikuwa imevuka laki moja na bado inapanda. Akaiweka simu chini, akaichukua tena, akaiweka, akaichukua. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ukurasa wenyewe aliuanza bila makuu, binti akiwa mchanga na yeye hana pa kwenda. Alirekodi mikono yake tu ikitia kiraka nguo za mtoto. Wafuasi wa mwanzo walikuwa wanawake arobaini hivi aliojuana nao kwenye foleni ya kliniki. Mmoja akamtumia picha ya suruali iliyotoboka goti, akauliza, "Hii nayo inapona?" Mama Vipande akaichorea dawa yake hatua kwa hatua, na tangu hapo pakazaliwa desturi iliyoitwa Tundu la Leo: kila siku, mtoto akilala mchana, yeye huchagua nguo moja iliyochanika ya mfuasi mmoja, akamjibu huyo mmoja kwa jina lake la ukurasani, na wengine wote wakajifunza humo humo. Watu walikuja kwa ajili ya sindano, wakabaki kwa sababu waliitwa.

Sasa palikuwa na Meneja. Hili si jina alilopewa na wazazi. Ni kijana wa ofisi ya matangazo aliyejitambulisha hivyo hivyo, na likamganda. Alileta habari kwamba kampuni moja ya nguo za watoto ilitaka kufanya kazi na Mama Vipande, ila kwa sharti kwamba afikishe wafuasi laki moja kabla ya tarehe iliyowekwa, kisha atoe barua ya shukrani itakayotangaza safari mpya. Tundu la Leo lingefungwa. Badala yake angekuwa akifungua mizigo ya nguo mpya mbele ya kamera. Ukurasa ulikuwa haujamlisha bado, na mume wake alikuwa akishinda kwenye tanuri la mikate hadi macho yakawa mekundu. Kwa hiyo alikubali.

Barua aliiandika kwa mkono wake. Ilianza hivi: "Kwako wewe wa suruali ya goti. Kwako baba uliyeshona sare ya mwanao ukiwa zamu ya ulinzi. Kwako bibi uliyenisahihisha mshono wa kanzu na ukawa sahihi." Iliendelea hivyo, mtu baada ya mtu.

Meneja alipoisoma alikuna kichwa. "Dada, hii ni barua au daftari la mahudhurio?"

"Hao ndio walionileta hapa."

"Sawa, lakini sikiliza. Kwenye simu mtu anaona mistari miwili tu, halafu panaandikwa 'soma zaidi'. Mistari miwili ndiyo mlango wako. Sasa wewe mlangoni umemweka bibi wa kanzu! Weka namba. 'Asanteni watu laki moja!' Habari mpya ifuate hapo hapo. Haya ya goti yapeleke chini."

"Na lile neno kwamba ni ushirikiano wa kulipwa?"

"Nalo chini. Wenye kusoma watasoma."

"Hilo halishuki," alisema Mama Vipande. "Mtu akilipwa aseme amelipwa, tena juu."

Wakapatana: alama ya malipo ikabaki juu, majina yakashushwa, kisha, siku iliyofuata, yakafutwa kabisa kwa kuwa barua ilikuwa ndefu. Maswali ya wafuasi, ilisema barua, "yatajibiwa na timu." Meneja akaipanga ijitume yenyewe Jumamosi saa sita mchana, wakati watu wengi wako na simu mkononi, na ijibandike juu kabisa ya ukurasa.

Ile alfajiri ya pini ilikuwa ya Ijumaa. Kulipokucha, wifi yake, dada wa mumewe aliyekaa chumba cha pili, aliingia na kikombe cha chai. Huyu ndiye aliyekuwa mfuasi wa kwanza kabisa, na hakuacha watu wasahau.

"Wifi, tumefika laki!" Mama Vipande alimwambia.

"Tumefika au tumefikishwa?" Wifi alichukua simu, akaanza kupekua orodha ya wageni. "Hebu ona. Huyu hana picha. Huyu hana picha. Huyu anaitwa herufi sita na namba nane. Mama yake alimwitaje akimtuma dukani?"

"Watu wengine hawapendi kuweka sura."

"Wote wa usiku mmoja?"

Mama Vipande aliona, na alijifanya hamnazo, maana namba ilikuwa tamu. Akampigia Meneja, naye akacheka tu: "Dada, furahia. Bahati haiulizwi kitambulisho." Alikata simu akiwa hajaridhika. Alikaa kwenye cherehani akashona upindo ukaenda upogo. Akaufumua, akaushona, ukaenda upogo tena. Akajiambia kwamba kesho asubuhi ataipitia ile barua upya, aitoe saa ile ya kujituma mpaka moyo utulie.

Lakini Jumamosi asubuhi binti aliamka na homa. Mama akashinda akimfuta kwa kitambaa cha maji, akimbembeleza anywe, simu imezimwa sauti chumbani. Saa sita ikafika na kupita bila yeye kuinua kichwa. Homa iliposhuka na mtoto akaomba uji, ndipo alipokumbuka. Alikimbilia simu, mikono bado mibichi. Barua ilikuwa imeshatoka, imebandikwa juu, inang'aa.

Akafungua maoni. Alitarajia mvua, akakuta manyunyu. "Hongera," aliandika mmoja. "Hongera, lakini na sisi tunaelekea wapi?" aliandika wa pili. Kisha yule wa suruali ya goti, ambaye sasa alikuwa na mapacha na wote wanamwita Mama Pacha: "Kumbe siku hizi tunajibiwa na timu. Haya, mwanangu. Asante kwa goti." Baada ya hapo hakuandika tena, na jina lake likatoweka kwenye wafuasi. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kimya kimya, kama watu wanaotoka msibani bila kuaga. Wale maelfu wa usiku hawakusema lolote. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyepongeza, hakuna aliyetukana hata.

Jumapili ilipita hivyo. Alikuwa akienda mlangoni na kurudi, akifungua simu na kuifunga, mume wake akimtazama kwa pembe ya jicho.

"Utaichimba hiyo sakafu," alimwambia.

"Acha niichimbe."

Jumatatu mtandao ukafanya usafi wake. Huwa unafanya hivyo bila kupiga hodi: hukusanya akaunti bandia na kuzifuta kwa mkupuo. Mama Vipande alikuwa akianika nguo wifi alipomwita kwa sauti ya kupasuka. Namba ilikuwa imeanguka hadi elfu tisini na tano. Juu yake, barua ikaendelea kutabasamu: "Asanteni watu laki moja!" Chini yake watu waliokuwa kimya wakapata ulimi. "Laki iko wapi?" "Mama Vipande, hata wafuasi ni wa kuunga viraka?" Hilo la mwisho lilichekwa na mamia.

Kampuni haikungoja jioni. Ilituma ujumbe mfupi: inataka watu wa kweli, wenye kuzungumza, na hapa imeona namba imepanda kwa usiku mmoja na kushuka kwa asubuhi moja, ushirikiano umekufa. Meneja alipopigiwa hakupokea. Alipopigiwa kwa simu ya wifi alipokea, akasikia sauti, akasema, "Dada, mimi nilikuwa nakusaidia ufike tarehe," akakata. Basi, ndiye aliyewanunua.

Mama Vipande akajitupa kitandani. "Naifuta barua. Naufuta ukurasa wote."

"Ukiifuta watasema umekimbia," alisema wifi. "Na wamekwisha kuipiga picha. Utafuta kwako, itabaki kwao."

"Nikiihariri?"

"Itaandikwa chini kwamba imehaririwa. Watauliza ulikuwa unaficha nini." Wifi akakaa pembeni yake, akamvuta kichwa mapajani. "Wewe ukitiwa tundu kwenye nguo unafanyaje? Unaitupa?"

"Naweka kiraka kinachoonekana."

"Basi, mbona unaniuliza mimi, fundi?"

Akainuka. Barua ya zamani akaiacha pale pale, ila akaitoa juu. Akaandika nyingine, haraka, bila kumwonyesha mtu:

"Jumamosi niliwashukuru watu laki moja. Hamkuwa laki moja. Maelfu walikuwa wa kununuliwa. Sikuwanunua mimi, lakini niliwaona hawana sura nikanyamaza, kwa sababu namba ilinipendeza. Kosa hilo ni langu. La pili ni zito zaidi: niliwafuta nyinyi wenye sura ili barua iwe fupi. Mama wa goti, baba wa zamu ya ulinzi, bibi wa kanzu, nisameheni. Kinachofuata si mizigo mipya. Tundu la Leo linarudi kesho, na litajibiwa na mikono hii, sio timu. Mkibaki kumi, nitawashonea kumi."

Akaituma, akaibandika juu. Mistari miwili ya kwanza ilisema ukweli hata kwa asiyetaka kusoma zaidi.

Usiku ule hakutulia, lakini alilala. Asubuhi namba ilikuwa imeshuka tena kidogo. Kwenye maoni, hata hivyo, watu walikuwa wakizungumza. Wengine walimkaripia, wengine walimtania, bibi wa kanzu alimwambia aache kulia aanze kazi. Mama Pacha hakusema mengi. Alirudi na picha ya fulana mbili zilizochanika mahali pamoja.

Meneja alikuwa amepita na maelfu yake yalikuwa yamepita, kama mkeka mzuri unaobebwa barabarani na mtu asiyekujua, ambaye hakusimama akutandikie. Waliobaki walikuwa kama mbachao, mkeka mkuukuu uliokaliwa miaka yote, umechanika pembe, na bado unamkinga mtu na baridi ya sakafu. Ndiyo maana wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Binti, aliyekuwa amepona na kujaa mapajani mwa mama yake, aliweka kidole kwenye picha ya fulana mbili.

"Mama, tuanze na hawa."